Choo chini ya ngazi: ramani ya nyumba inavyosomwa kwenye picha ya simu

Picha iliingia WhatsApp usiku, na chini yake ujumbe mfupi wa dalali: "Ramani hiyo hapo dada. Ukiridhika, kesho tumalizane malipo ya awali."

Karatasi ilikuwa imetandazwa juu ya boneti ya gari na kupigwa picha kwa pembeni. Mkunjo mmoja ulipita katikati ya jiko, na mwanga wa jua ulikuwa umefuta nusu ya tarakimu za upande wa nyuma. Kidole gumba cha mpiga picha kiliziba kona ya chini kulia.

Aliyetumiwa ni muuguzi wa Dar es Salaam, na hajawahi kununua nyumba maishani mwake. Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja, pacha na ya jirani, inayojengwa Kigamboni. Siku hiyo hakukuwa na cha kwenda kuona zaidi ya msingi na kuta za chini zilizofika usawa wa madirisha, kwa hiyo kila alichokuwa analipia kilikuwa kwenye ile picha.

Alichokiona ni mistari minene myeusi, robo za duara zilizotapakaa kila kona, visanduku vilivyochorwa mistari mitatu mitatu, na ngazi iliyokatika ghafla baada ya vidato sita. Mtu wa kawaida akiambiwa alipe mamilioni kwa mchoro kama huo ana haki ya kuuliza anasoma nini. Tuliikalia picha hiyo pamoja naye na mbunifu majengo mmoja wa jijini, mstari kwa mstari.

Msumeno kwenye usawa wa kifua

Mbunifu hakuanza na alama yoyote. Alianza na swali: unadhani umesimama wapi unapoitazama ramani hii? Muuguzi alijibu kwamba anaitazama nyumba kutoka juu, bati likiwa limeondolewa. Ndivyo wengi wanavyodhani, na hapo ndipo wanapopotea.

Ramani ya sakafu ni nyumba iliyokatwa kwa ulalo, kama mita 1.2 kutoka sakafuni, kisha kipande cha juu kikaondolewa. Unachokitazama ni kilichobaki chini. Msumeno huo haupo, lakini kila mstari kwenye karatasi unautii.

Kitu kilichokatwa na msumeno huchorwa kwa mstari mnene: kuta na nguzo. Kilicho chini ya msumeno, ambacho unakiona tu bila kukikata, huchorwa kwa mstari mwembamba: sinki, bakuli la choo, meza ya jikoni, vidato vya kwanza vya ngazi. Na kilicho juu ya msumeno, ambacho kimeshaondolewa lakini mchoraji anataka ujue kwamba kipo, huchorwa kwa mistari ya vipande vipande: boriti, ukingo wa paa, kabati la juu, dirisha la choo.

> Mstari mnene umekatwa. Mwembamba uko chini ya kifua chako. Wa vipande vipande uko juu ya kichwa.

Kwenye picha yetu kulikuwa na mstari wa vipande vipande kati ya sebule na sehemu ya kulia chakula. Muuguzi alikuwa ameshauhesabu kuwa ukuta, na alikuwa amesikitika kwamba sebule ni finyu. Haukuwa ukuta. Ni boriti inayopita darini, na chini yake unatembea bila kuzuiwa na kitu. Sebule yake ikaongezeka papo hapo, bila mtu kuongeza tofali.

Ukuta mweusi na ukuta mtupu

Ukuta kwenye ramani ni mistari miwili sambamba. Katikati yake panaweza kujazwa rangi nyeusi, kuchorwa mistari ya mshazari, au kuachwa wazi. Mtindo hutofautiana kati ya ofisi na ofisi, na ramani iliyokamilika huwa na ufunguo wa alama pembeni. Kwetu, ufunguo ulikuwa chini ya kidole gumba.

Kinachosema zaidi ni unene. Kuta nyingi za ramani hii ziliandikwa 150, yaani milimita 150, tofali la inchi 6. Ukuta unaotenganisha nyumba hii na pacha wake uliandikwa 230. Vyumba vya juu, kwenye ramani tuliyoipata baadaye, vilikuwa na kuta chache za 100, za kugawa nafasi tu.

Ndani ya kuta hizo kulikuwa na vijisanduku vya mraba vilivyojazwa weusi kabisa, vingine kwenye kona na vingine katikati. Hizo ni nguzo za zege. Zikionekana zimepangwa kwa mistari inayolingana, jengo linasimama juu ya fremu ya nguzo na boriti, na matofali yaliyo katikati mara nyingi ni ya kujazia.

Hapo muuguzi akauliza alichokuwa amekipania tangu mwanzo. Kama ukuta kati ya jiko na sebule ni wa kujazia, anaweza kuuvunja apate jiko la wazi? Mbunifu alikataa kujibu kwa picha. Ramani ya sakafu inaonyesha ukuta ulipo. Haionyeshi umebeba nini. Ukuta wa milimita 150 katika nyumba isiyo na nguzo unaweza kuwa umebeba slabu nzima ya juu, na ukuta mnene zaidi wa 230 unaweza kuwa umewekwa tu ili usisikie televisheni ya jirani. Jibu liko kwenye michoro ya mhandisi, yenye boriti, slabu na nondo. Anayetaka kuvunja ukuta aombe hiyo kabla ya kumwita fundi mwenye nyundo.

Jambo lingine dogo kuhusu kuta ambalo wauzaji hawalitaji: vipimo vya vyumba kwenye ramani kwa kawaida ni kutoka tofali hadi tofali. Plasta haimo. Chumba kilichoandikwa 3000, yaani mita 3, kikishapigwa plasta ya milimita 15 kila upande kinabaki na 2970. Kwa kitanda si kitu. Kwa fundi wa makabati aliyekata mbao kwa kufuata ramani, sentimita 3 ni mbao za kurudi nazo karakana.

Robo ya duara

Alama ya mlango ndiyo rahisi kuliko zote kuitambua, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Ukuta unakatika, kwenye pengo kuna mstari mmoja mwembamba uliosimama wima kutoka ukutani, na kutoka ncha yake robo ya duara inarudi hadi upande wa pili wa pengo.

Mstari ni mlango wenyewe ukiwa wazi. Pale mstari unapogusa ukuta ndipo bawaba zilipo. Robo ya duara ni njia inayopitiwa na kitasa mlango unapofunguka. Kwa hiyo alama moja inakwambia mambo matatu: mlango unafungukia chumba gani, unaegemea ukuta upi, na unameza nafasi kiasi gani ya sakafu.

Hiyo nafasi ni ya kuheshimiwa. Ndani ya robo ya duara hakukai kitu: si kabati, si kiti, si mtu anayenawa mikono. Chukua penseli, ijaze rangi kila robo ya duara kwenye ramani, kisha tazama sakafu iliyobaki. Vyumba vya kulala vilivyoonekana vikubwa huanza kusema ukweli wao.

Tulipofanya hivyo, robo mbili zilikaribia kugongana. Mlango wa jiko ulikuwa unafungukia koridoni, na mlango wa choo cha wageni ungekutana nao kama nao ungefunguka kwa nje. Kwa bahati ulichorwa ukifungukia ndani. Tutarudi kwenye mlango huo, maana ulikuja kuleta maneno.

Alama nyingine za milango ni chache. Mistari miwili mifupi iliyopishana ndani ya pengo ni mlango wa kuteleza. Robo mbili zinazotazamana ni mlango wa mabawa mawili. Pengo lisilo na alama yoyote ni uwazi tu. Usitegemee mlango hapo, wala usije ukadai baadaye kwamba uliibiwa mlango.

Karibu na kila mlango kuna herufi na tarakimu, D1, D2, D3. Hizo zinakupeleka kwenye jedwali la milango, karatasi nyingine kabisa ambayo madalali hawana mazoea ya kuipiga picha. Jedwali ndilo linalosema mlango ni wa mbao ngumu au wa chipubodi, na upana wake.

Na upana nao una ujanja wake. Mlango wa 900 kwenye ramani mara nyingi ni uwazi wa ukuta. Ukitoa fremu ya milimita 50 kila upande, ubao wa mlango ni 800. Mlango ukiwa wazi kwa pembe mraba, unene wake wa milimita 40 unakula tena kidogo, na njia halisi inabaki kama 760. Mwenye mama anayetembelea kiti cha magurudumu, au friji la milango miwili, ahesabu kwa 760.

Dirisha lisiloonekana

Dirisha ni pengo kwenye ukuta mnene lililojazwa mistari myembamba, kwa kawaida mitatu. Miwili ya nje ni kingo za ukuta chini ya dirisha, ambazo unaziona kutoka juu kwa sababu ziko chini ya msumeno. Wa katikati ni kioo, ambacho msumeno umekipitia.

Ramani haikwambii dirisha linaanzia wapi kwenda juu wala linafunguka vipi. Pembeni imeandikwa W2, na kwenye jedwali W2 inaweza kuwa 1500 x 1200, upana kwanza, kisha kimo. Kama ni la aluminiamu la kuteleza lenye vioo viwili, kioo kimoja hujificha nyuma ya mwenzake, hivyo kwa upepo wa Kigamboni una nusu tu ya upana, kama milimita 750. Dirisha la bawaba la ukubwa uleule lingefunguka karibu lote.

Muuguzi alilalamika kwamba choo cha wageni hakina dirisha. Lilikuwepo, ila lilichorwa kwa mistari ya vipande vipande, kwa kuwa limewekwa juu ya usawa wa msumeno. Ukuta mnene unapita bila kukatika, na juu yake kuna alama hafifu ambayo simu ilikuwa karibu kuifuta. Ukipokea picha yenye ukungu, madirisha ya aina hii ndiyo ya kwanza kutoweka.

Kisha kuna mshale wa kaskazini. Kwenye nyumba pacha mara nyingi huchorwa ramani moja tu, na pembeni huandikwa kwamba nyumba ya pili ni kinyume chake. Kinyume maana yake kama kwenye kioo: kulia kunakuwa kushoto. Chumba kikubwa cha juu kilichochorwa kikitazama mashariki, kwenye pacha wake kinatazama magharibi, na dirisha lake linapokea jua la alasiri mwaka mzima. Bei ni moja. Nyumba aliyokuwa anauziwa muuguzi ilikuwa ya pili, na hakuna aliyemwambia.

Kwa nini rula haifai

Mbunifu alituonya mapema kwamba picha hii haipimwi kwa rula. Hata kwenye michoro halisi wabunifu huandika onyo watu wasipime mstari bali wafuate tarakimu zilizoandikwa. Kwenye picha ya simu onyo hilo linazidi.

Tulijaribu ili tuone. Upande wa mbele wa nyumba, ulio karibu na mpiga picha, sebule ya upana wa 4200 ilikuwa na milimita 42 kwenye kioo cha simu. Hesabu inaonekana rahisi: milimita moja ya simu ni 100 za nyumba. Lakini ukuta wa nyuma wa sebule hiyohiyo, ambao ni sambamba na una urefu uleule, ulitoka milimita 36. Kwa kipimo cha mbele ungeambiwa ni 3600. Mtu aliyepima jiko, ambalo liko nyuma, angelipunguzia zaidi ya sentimita 40 ambazo halijapoteza.

Sababu ni pembe ya kamera. Kilicho mbali hupungua. Programu za simu za kuskani karatasi hunyoosha kingo na kusaidia kiasi, lakini haziwezi kunyoosha karatasi iliyokunjika wala iliyopeperushwa na upepo.

Kinachofanya kazi ni kujumlisha. Pembeni mwa ramani kuna safu za vipimo, na safu ya nje kabisa ni jumla ya safu ya ndani. Upana wa jiko ulikuwa umefutwa na mkunjo: tarakimu ya kwanza ingeweza kuwa 3 au 8, na pengine 2. Jumla ya nje ilisomeka vizuri, 7650. Ndani ya jumla hiyo kuna ukuta 150, sebule 4200, ukuta 150, jiko, na ukuta 150. Ondoa vinavyojulikana, kinabaki 3000. Jiko lina mita 3, na hakuna rula iliyohitajika.

> Tarakimu iliyofutika hutafutwa kwa kujumlisha zilizobaki.

Jumla ikikataa kulingana, usikisie. Ama umesoma vibaya, ama mchoro umebadilishwa upande mmoja ukasahauliwa mwingine, na hilo la pili hutokea kuliko wabunifu wanavyopenda kukiri.

Vidato sita vya kupandia ghorofani

Sasa ile ngazi. Kwenye ramani ya chini kulikuwa na mistari sambamba kama sita, mshale wenye neno UP, kisha mstari wa mshazari wenye kona ya zigizaga, na baada yake ngazi ikaisha. Muuguzi alidhani karatasi haijamalizika.

Ni ule msumeno tena. Ngazi inapanda, na inapofika mita 1.2 inakatwa. Zigizaga ndiyo alama ya mkato. Vidato vilivyobaki viko juu ya msumeno, kwa hiyo ramani ya chini haivionyeshi, au huviweka kwa mistari ya vipande vipande. Ngazi nzima huonekana kwenye ramani ya ghorofa ya juu, ikiwa na neno DN, kwa maana ya kushuka. Mshale ulioandikwa UP au DN hufuata mtu anayeanza kutembea kutoka sakafu hiyo. Kuna wachoraji wanaoweka mshale usio na neno, na huo kwa desturi huelekea juu daima. Pasipo neno, uliza.

Tukaomba picha ya ramani ya juu. Dalali alituma. Vidato vilikuwa na namba, 1 hadi 15. Ngazi ilipanda vidato 8 hadi kwenye lendingi, ikageuka nyuma, ikapanda 7 zaidi sambamba na ile ya kwanza. Kila kidato kina kina cha milimita 250 cha kukanyagia.

Ramani haisemi kidato kina kimo gani. Hilo linapatikana kwa kugawanya, ukijua umbali kutoka sakafu hadi sakafu, ambao uko kwenye mchoro wa mkato wa wima. Muuguzi aliuomba, na baada ya kusukumana kidogo na dalali ulipatikana: milimita 3000. Gawa kwa 15, kila kidato kina kimo cha 200.

Hiyo ni ngazi ya kukukata pumzi. Kanuni ya zamani ya wajenzi husema kimo mara mbili ukijumlisha na kina cha kukanyagia kipatikane kati ya 600 na 640 hivi. Hapa ni 200 mara mbili, jumlisha 250, ni 650. Imepita, ingawa si kwa mbali. Kijana hataona tofauti. Mama mkwe mwenye goti bovu ataiona siku ya kwanza. Vidato 17 vingeleta kimo cha karibu 176, na kanuni ingetoa karibu 603. Lakini vidato viwili zaidi, kimoja kila upande, vinataka milimita 250 za ziada kwa urefu wa ngazi, na mwenye mradi alikuwa amezipeleka kwenye sebule.

Lakini shida kubwa ilikuwa chini ya ngazi. Chini ya lendingi na mkono wa pili, ramani ilionyesha choo cha wageni chenye upana wa 900 na urefu wa 2400. Kilipendeza. Bakuli la choo lilichorwa kule mwisho, chini ya lendingi, na mlango upande wa koridoni.

Ukitazama ramani tu, ni choo kizuri kwa nyumba ya ukubwa huo. Sasa hesabu. Lendingi iko kidato cha 8, na kila kidato ni 200, hivyo uso wake wa juu uko 1600 kutoka sakafu. Toa unene wa zege, milimita 150. Chini ya lendingi kunabaki 1450, mita moja na nusu kasoro, na hapo bado vigae vya sakafu havijawekwa. Kukaa unaweza. Kusimama, mtu mzima hawezi.

> Kwenye ramani bakuli la choo lilikaa vizuri. Kichwa cha mgeni ndicho hakikuwa na mahali.

Nafasi inaongezeka kadiri unavyotoka chini ya lendingi kuelekea mlangoni, kwa sababu mkono wa pili wa ngazi unapanda juu yako. Kwa mteremko wa 200 kwa kila 250, mita 2 za kusimama zinapatikana kama milimita 750 kutoka ukingo wa lendingi. Kutoka hapo hadi mlangoni zinabaki nyingine 750.

Picha ni ya nani?

Muuguzi aliporudi na hesabu hiyo, majibu yalikuwa matatu.

Dalali alisema ramani ni mwongozo tu. Nyumba huamuliwa na fundi palepale kwenye eneo, na wateja wengine wote wamenunua bila kuuliza kimo cha kidato. Si hoja ya kudharau, maana kweli mafundi hurekebisha mengi wakiwa kazini. Ila fundi harekebishi lendingi ya zege iliyokwisha kumwagwa.

Muuzaji alionyesha maandishi madogo chini ya kipeperushi chake, kwamba vipimo ni vya makadirio na vinaweza kubadilika. Kipeperushi hicho kilikuwa na ramani ya tatu, yenye rangi, masofa na maua, isiyo na kipimo hata kimoja. Masofa hayo tuliyalinganisha na milango: kama mlango wa mbele ni wa 900, sofa la watu watatu lilichorwa kama la mita moja na nusu. Sofa la kawaida la watu watatu hukaribia mita 2. Chumba kikijazwa samani za kitoto, huonekana ukumbi.

Mbunifu naye alisema ramani ya kununulia nyumba ni moja tu, ile yenye muhuri wa halmashauri, iliyoombewa kibali cha ujenzi, yenye jina na muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Picha zote nyingine, za rangi au za boneti, ni matangazo.

Kwa maoni yangu mbunifu yuko sahihi, lakini anasahau jambo moja. Mnunuzi wa kawaida haonyeshwi ramani yenye muhuri mpaka awe ameshalipa kitu. Ndiyo maana ile kona ya chini kulia ina thamani kuliko sebule. Humo mna jina la mradi, jina la mbunifu, uwiano, tarehe, na herufi ya toleo: A, B, C. Kila mchoro unaporekebishwa herufi husogea. Muuguzi aliomba kona ile ipigwe picha peke yake, bila kidole. Ilisomeka toleo A. Mchoro wa mkato aliopewa ulikuwa toleo B. Yaani alikuwa anasoma chini ya nyumba moja na wima wa nyumba nyingine, na ilibidi aombe vyote upya vya toleo moja. Bahati nzuri namba za ngazi hazikuwa zimebadilika.

Kwa anayenunua fleti, uzito unaongezeka. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, hati ya fleti moja ndani ya jengo husimama juu ya mchoro unaoonyesha sehemu hiyo. Mpaka wako ni mstari kwenye karatasi. Hapo kuchanganya ukuta mnene na boriti ya vipande vipande kunaweza kuwa tofauti kati ya chumba chako na cha jirani.

Toleo C

Muuzaji alikubali kuzungumza, kwa sababu zege la ngazi lilikuwa bado. Njia tatu ziliwekwa mezani.

Ya kwanza, kushusha sakafu ya choo kwa vidato viwili. Inaongeza milimita 400, na chini ya lendingi panakuwa 1850, bado hapamtoshi mtu mrefu. Tena bomba la majitaka linashuka pamoja na sakafu. Bomba la choo linahitaji mteremko, kwa kawaida kama milimita 25 kwa kila mita, na shimo liko kama mita 12 nyuma ya nyumba. Hizo ni milimita 300 za kushuka kutoka mahali ambapo tayari umeshuka 400, na shimo lilikuwa limeshachimbwa na kujengewa mdomo wake.

Ya pili, kufuta choo na kuacha stoo. Muuzaji aliipenda, kwa kuwa haina gharama. Muuguzi aliikataa, hataki wageni wapande chumbani kwake.

Ya tatu ndiyo iliyopita. Ukuta mwembamba ujengwe kwenye ukingo wa lendingi, bakuli la choo liegemee ukuta huo, na mtu asimame kwenye zile 750 za mbele ambako kichwa kina nafasi. Chini ya lendingi pabaki kijistoo cha ndoo na fagio kinachofungukia upande wa nyuma. Beseni la kunawia lihamie koridoni.

Lakini choo kimefupika kutoka 2400 hadi 1500, na mlango unaofungukia ndani ungemgonga magoti aliyekaa. Ukifungukia nje, robo yake ya duara inagongana na ile ya mlango wa jiko tuliyoiona mapema. Kwa hiyo mlango ukawa wa kuteleza, ukipita juu ya uso wa ukuta wa koridoni, na swichi ya taa ikasogezwa upande wa pili ili isifunikwe.

Mchoro mpya ulikuja na herufi C kwenye kona, ukiwa faili la PDF na si picha. Mwanasheria wa muuguzi aliambatanisha kurasa zote za toleo hilo kwenye mkataba: ramani mbili za sakafu, mkato, na majedwali ya milango na madirisha, kila ukurasa ukiwa na saini za pande zote mbili. Suala la jua la alasiri katika chumba cha juu halikupata ufumbuzi. Muuzaji alisema pacha wa upande wa mashariki ameshauzwa, na muuguzi akaomba dirisha la W2 la kuteleza libadilishwe liwe la bawaba, lenye kivuli cha zege cha milimita 600 juu yake. Bei ya kivuli hicho walikuwa bado wanabishana tulipokwenda mitamboni.